Chapisho la uongo juu yako: kujibu, kuripoti au kudai liondolewe?

Tuchukue mfano wa fundi cherehani anayedaiwa mtandaoni kula malipo ya awali ya nguo za harusi, ilhali anayo stakabadhi yenye saini ya mteja aliyezichukua. Kabla ya yote, apige picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na maneno yote, kisha anakili kiungo, kwa sababu chapisho likifutwa, ushahidi nao hupotea.

Kwa kasi, kujibu kunashinda: jibu moja fupi lililoambatanishwa na stakabadhi, baada ya kuficha namba ya simu ya mteja, huwafikia wasomaji walewale siku hiyohiyo. Hata hivyo, kila jibu huweza kulisukuma chapisho kwa watu wapya, na ndiyo maana nisingejibu chapisho lililosomwa na wachache.

Kuripoti hakugharimu kitu, lakini wengi hukosea hapa. Wakaguzi wa mtandao kwa kawaida hawaamui nani mkweli. Huangalia iwapo kanuni imevunjwa. Ripoti isemayo “huu ni uongo” mara nyingi hukataliwa, ilhali ile inayoonyesha kwamba anwani ya nyumbani imeanikwa au kwamba akaunti inajifanya yeye ina nguvu zaidi.

Barua ya wakili inayodai chapisho liondolewe inafaa pale mwandishi anapojulikana na hasara inaonekana, kwa mfano oda zilizofutwa kwa maandishi. Ni njia ghali, na muda wa kufungua shauri la kashfa una kikomo.