Miezi minane na kalenda ya ukutani na kadi ya siku: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani, Tanga mjini. Mwaka jana kipandauso kilinizidi. Nikitazama simu janja dakika kumi ndani ya chumba changu cha kazi, ambacho hakina mwanga mwingi, jicho la kushoto linaanza kuona vimulimuli, na baada ya nusu saa nimeshalala kitandani na kanga usoni. Daktari akanishauri nipunguze kutazama vioo vya simu kadiri ninavyoweza. Nikarudi kwenye kitochi cha kupigia na kutumia M-Pesa. Shida ikabaki moja: oda zangu zote, tarehe za kliniki za mtoto na zamu ya kikoba vilikuwa ndani ya ile simu.

Mwezi wa 3 mwaka huu wa 2025 nikanunua seti ya karatasi kwenye duka la steshenari, Sh 18,000. Ndani kuna kalenda ya ukutani ya ukubwa wa A2, mwezi mmoja kila ukurasa, na kila kisanduku cha siku kina upana wa karibu sentimita 8, nafasi ya kutosha kuandika mistari mitatu. Kuna kadi 200 za A6, kadi moja kwa siku moja, na kijikaratasi cha maelekezo ya kufunga wiki kila Jumapili jioni.

Wiki tatu za kwanza nilikosea jambo la msingi. Nilidhani kalenda ndiyo itakayonikumbusha. Kalenda hainikumbushi kitu, maana baada ya siku nne jicho linaizoea kama linavyouzoea ukuta. Kinachokumbusha ni kadi, kwa sababu kadi nimeiandika mwenyewe jana usiku na iko pale mkono unapopita. Yangu naibana kwa kibanio cha nguo kwenye taa ya cherehani, na siwezi kutunga uzi bila kuiona. Kazi ya kalenda ni kutunza tarehe. Kila usiku baada ya isha nasimama mbele yake, nasoma kisanduku cha kesho na cha keshokutwa, nanakili kwenye kadi. Ni dakika tatu. Usiku nisiponakili, siku inayofuata nina kalenda nzuri iliyojaa na kichwa kitupu.

Nitaeleza oda moja ili mtu aone inavyokwenda. Mama mmoja aliniletea kazi ya sare 14 za harusi, harusi ikiwa Jumamosi tarehe 18 Oktoba. Zamani ningeandika tarehe 18 na kuondoka. Sasa narudi nyuma. Tarehe 18 nimeandika HARUSI kwa makapeni nyekundu. Alhamisi tarehe 16, kuchukua nguo. Jumamosi tarehe 11, wote 14 waje kupima. Jumatatu tarehe 6, kukata. Jumatano tarehe 1, vitambaa vyote viwe mkononi pamoja na advansi, la sivyo sikati. Visanduku vitano kwa kazi moja, na kila kimoja kitaingia kwenye kadi ya siku yake bila mimi kukitafuta. Tarehe 1 ilipofika, kadi ikaniambia "vitambaa vya sare", na vilikuwa havijaja. Nikampigia asubuhi ileile. Akasema, "Fundi, hivi leo ndiyo mwisho? Mimi nilijua wiki ijayo." Vikaja jioni. Ningegundua tarehe 6, ningeshona usiku kucha, na mimi kushona usiku kucha ni kujiitia kichwa.

Kufunga wiki ndiyo sehemu watu wanairuka, na ukiiruka mara mbili mfumo umekufa. Jumapili ilinishinda kwa sababu ni siku ya wageni. Nikahamishia Ijumaa alasiri, nikishafunga duka. Na kwetu Jumamosi ndiyo siku ya mosi, kwa hiyo wiki inafungwa pale pale inapoishia. Nachukua kadi saba za wiki, nazipanga juu ya meza ya kukatia. Kila mstari ambao haukukatwa naufanyia uamuzi: unapata tarehe kwenye kalenda, au unahamia kadi ya kesho, au unafutwa. Hakuna wa nne. Kisha nasoma wiki mbili zijazo kwenye kalenda na kuuliza kila tarehe kubwa kama nimeiwekea visanduku vya nyuma yake. Nikimaliza, kadi zile saba nazichana. Kuchana ni muhimu, kwani kadi ya zamani ikibaki mezani utaanza kuandika mambo mapya nyuma yake, na huko yatapotea.

Hilo lilinikuta mwezi wa 6. Mteja alipiga simu nikiwa na kitambaa mguuni mwa mashine, akaniambia sasa atasafiri siku mbili mapema. Nikaandika pembeni mwa karatasi ya vipimo. Alikuja, nguo haina mikono. Alinisamehe, lakini niliona aibu. Tangu siku hiyo penseli imefungwa kwa uzi palepale kwenye taa, na chochote kinachokuja kwa simu kinaingia kwenye kadi ya leo kabla sijakata simu, hata kama mteja anasubiri. Dalili nyingine niliyojifunza kuitazama ni mstari ulionakiliwa siku tatu mfululizo. Wangu ulikuwa "cherehani". Ulinikalia wiki nzima mpaka nikauandika upya: "kumpigia fundi mashine kuhusu mkanda". Siku hiyohiyo ukakatwa.

Sasa kasoro za bidhaa yenyewe. Karatasi ya kalenda inang'aa. Peni ya biki inateleza, peni ya jeli inachafuka ukiigusa, na kwa joto letu la pwani mkono haukosi jasho. Dukani, kabla ya kulipa, omba kuchora mstari mmoja wa penseli kwenye kona. Usiposhika, iache. Mimi mambo yasiyo na uhakika nayaandika kwenye kipande cha masking tepu, nabandika, na yakibadilika nabandua. Hata Idi niliibandika hivyo, kwa sababu inasubiri mwezi uandame.

Kadi nazo zimechapwa saa 06:00 hadi 20:00. Mimi na wateja wangu tunasema saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, na mara mbili niliandika saa 8 ya mchana kwenye mstari wa 08. Nimezifuta zote kwa makapeni. Kadi 200 ziliisha Septemba. Sasa nakata manila: moja ya A1 inatoa kadi 32.

Karatasi pia haina mlio. Dawa yangu ya kichwa nimeifunga kwenye adhana ya magharibi, na kwa kumtoa mtoto shule nimenunua saa ya mezani yenye kengele. Anayehitaji kushtuliwa kila baada ya saa chache, kadi peke yake haitamtosha.

Na kuna shimo la Desemba. Mwanangu wa mwisho atatimiza miezi 18 Februari, na anatakiwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Kalenda inaishia tarehe 31 Desemba, tarehe yake haina pa kukaa. Nimegundisha bahasha nyuma ya ukurasa wa mwisho, nimeandika MWAKANI, na kadi ya chanjo imo humo na zamu yangu ya kikoba ya mwezi wa 3. Seti nyingine nimeshaiagiza, kwa sharti la karatasi isiyong'aa, na nimewaomba wanipe kadi zisizochapwa saa.