Mwangaza wa kiotomatiki kwenye simu: miezi minane juani Mwaloni

Nauza dagaa kwa jumla katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mzigo ukishuka naupiga picha na kuwatumia wateja wa mbali, kwa hiyo kioo cha simu nakitazama kutwa nzima, mara juani, mara ndani ya stoo.

Simu yangu ya Android ilikuja na Adaptive brightness, yaani mwangaza wa kiotomatiki, ikiwa imewashwa. Wiki za mwanzo niliipenda. Kisha nikabadilisha protekta, na kuanzia siku hiyo kioo kikawa giza hata saa saba mchana. Nilidhani kioo kimeanza kufa. Jirani yangu wa kibanda akaniambia, "Dada, hebu mulika tochi pale juu karibu na kamera ya mbele." Nikamulika, mwanga wa kioo haukupanda hata kidogo. Nikabandua protekta, nikamulika tena, ukapanda papo hapo. Ukingo mweusi wa ile protekta ulikuwa umefunika kihisi mwanga, kitundu kidogo kinachopima mwanga wa mahali ulipo. Simu iliamini iko gizani. Nilinunua protekta isiyo na ukingo, tatizo likaisha.

Juani Adaptive brightness siizimi kabisa. Kwenye simu yangu, nikiizima na kusukuma mwangaza hadi mwisho kwa mkono, kioo hakifikii ukali kinaoufikia chenyewe kihisi kikiona jua kali. Simu nyingi zimetengenezwa hivyo: ile nguvu ya ziada hufunguliwa na kihisi tu. Ila simu ikipata moto sana hujipunguzia mwanga ili isiungue, hata uwe umezima kila kitu. Hapo naiweka kivulini ipoe, maana kusukuma mwangaza hakusaidii.

Ninapoizima ni usiku, wakati wa kurekebisha picha. Hili nililijua kwa hasara. Siku moja saa tatu usiku nilikuwa chumbani na taa hafifu, kioo kimejishusha, picha ya dagaa ikaonekana nyeusi. Nikaiongezea mwanga mpaka ikanipendeza, nikaituma. Asubuhi mteja akapiga: "Mama, mbona dagaa wako wamepauka? Wamenyeshewa?" Nilipoifungua ile picha nje, kweli, ile rangi ya fedha mgongoni ilikuwa imegeuka weupe mtupu. Dagaa walikuwa wazima, wamekauka vizuri. Mimi ndiye niliyeharibu picha, kwa sababu nilikuwa narekebisha giza la kioo nikidhani ni la picha. Oda ya magunia manne ilichelewa siku mbili hadi nilipomtumia picha mpya.

Sasa kabla ya kugusa picha nashusha pazia la juu ya kioo, nazima kiotomatiki kwa alama iliyo kando ya mwangaza, naweka mwangaza katikati kisha ndiyo naanza. Nikimaliza naiwasha tena palepale, kwa kuwa nikisahau, kesho yake nikifika mwaloni sioni hata namba ya mteja.