Nembo inayopasuka ndani ya PDF: nimeipima Inkscape pamoja na LibreOffice Writer

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo tunaichambua Inkscape, programu ya bure ya kuchora vekta, na ninaipima kwa kazi moja tu: kuingiza nembo kwenye barua ya PDF ili mtu akikuza hadi asilimia 6400 ukingo wake ubaki laini. Barua yenyewe nimeiandaa kwa LibreOffice Writer, kwa hiyo na hiyo itaonja joto la jiwe.

Tazameni hapa kwenye kioo. PDF mbili, barua moja, nembo moja: duara la bluu, jani jeupe katikati, na jina kwa herufi kubwa chini yake. Kwenye karatasi ina upana wa sentimita 3. Kwa asilimia 100 huwezi kuzitofautisha. Sasa nakuza hadi 800. Ya kulia imetulia vilevile. Ya kushoto duara limekuwa ngazi ngazi, na pembezoni mwa herufi kuna ukungu.

Ya kushoto ni PNG yenye pikseli 300 kwa 300. Tupige hesabu pamoja. Sentimita 3 ni inchi 1.18, ukigawa 300 kwa hiyo unapata pikseli 254 kwa kila inchi. Kioo cha kawaida huhesabiwa kuwa na pikseli 96 kwa inchi. Maana yake ukifika karibu asilimia 265, pikseli za picha zinakuwa zimeisha, na kuanzia hapo kompyuta inazinyoosha tu zile zilizopo. Kwa kioo chenye pikseli nyingi zaidi, zinaisha mapema zaidi.

Wengi wakiona hivyo wanatafuta PNG kubwa zaidi. Hata mimi nilifanya hivyo kwa muda mrefu, nikawa naomba nembo ya pikseli 3000 na bado PDF inatoka imepasuka, mpaka nikadhani msomaji wangu wa PDF, yaani programu ninayofungulia PDF, ana hitilafu. Sababu ni hii hapa. Kwenye Writer nenda File, kisha Export As, kisha Export as PDF. Dirisha linalofunguka lina sehemu ya picha, na ndani yake kuna kisanduku kimeandikwa Reduce image resolution. Tangu programu inaposakinishwa kina alama ya tiki, na kiwango chake ni 300 DPI, yaani pikseli 300 kwa kila inchi. Nembo yako ya sentimita 3 inapunguzwa hadi pikseli 354 hivi. Ulileta 3000, zimebaki 354. Tena juu yake kuna mbano wa JPEG, ambao haupendi kabisa mpaka mkali kati ya rangi mbili. Ule ukungu wa pembezoni mwa herufi mara nyingi hutoka huko.

Unaweza kuondoa tiki, ndiyo. Lakini hapo umesogeza tu mahali itakapopasukia. Nembo kama hii haina haja ya pikseli hata moja, na nataka muone kwa nini, kwa hiyo tuingie ndani ya PDF kidogo. Umbo la vekta ndani ya PDF ni maagizo ya kuchora. Pembetatu ya bluu, kwa mfano, ni hii tu:

```
0.1 0.4 0.7 rg
10 10 m
90 10 l
50 80 l
h f
```

Mstari wa kwanza unachagua rangi. Herufi m inaweka kalamu mahali, l inachora mstari ulionyooka mpaka mahali pengine, h inafunga umbo, f inalijaza rangi. Kuna na c kwa mikunjo, na duara kwa kawaida huandikwa kwa mikunjo minne. Hakuna idadi ya pikseli popote. Kila unapokuza, msomaji wa PDF anasoma maagizo haya upya na kuchora kwa ukubwa unaoutaka wakati huo. Ndiyo maana ukingo haupasuki.

Sasa tuje kwenye Inkscape. Nilikuwa na PNG ile ndogo tu, kama ilivyo kwa wengi wenu. Inkscape inakupa njia ya mkato: Path, kisha Trace Bitmap, inaifuata picha na kutoa vekta. Nimeijaribu, na kwa nembo hii siikubali. Kwenye picha ya pikseli 300, unene wa mguu wa herufi ni pikseli chache tu, kwa hiyo programu inabahatisha. Angalieni herufi E hapa: kona zake zimeviringika, na mguu wa juu umepinda kidogo. Kwa asilimia 6400 ukingo ni laini kweli, ila ni ukingo laini wa umbo lililokosewa, na kukosea huko kunaonekana vizuri zaidi kuliko kwenye PNG.

Nilichofanya ni kuiweka PNG chini, nikaififisha, nikaifunga safu yake isisogee, halafu nikachora juu yake. Duara nililichora kwa kifaa cha duara huku nimeshika Ctrl ili lisiwe yai. Jani lina ncha mbili na mikunjo miwili, basi. Jina nililiandika upya kwa fonti ileile. Mwisho nikaifuta ile PNG, na hili naomba mlishike, maana nitalirudia muda si mrefu. Hapa Inkscape napenda inavyofanya kazi: nukta unazivuta kwa mkono na mkunjo unakufuata bila kubishana nawe.

Jina lina jambo lake. Ukiliacha likiwa maandishi, kompyuta isiyo na fonti hiyo italibadilisha kwa fonti nyingine, na nembo inakuwa ya mtu mwingine. Chagua maandishi, bonyeza Shift, Ctrl na C kwa pamoja, yanageuka maumbo. Kabla ya hapo hifadhi nakala pembeni, kwa sababu yakishageuka huwezi tena kusahihisha herufi kwa kuandika.

Sasa sehemu iliyonikera. Nembo ya awali ilikuwa na kivuli hafifu chini ya duara, nami nikakiweka kwa Filters, Shadows and Glows, Drop Shadow. Kwenye Inkscape kinapendeza. Nikahifadhi kama PDF, nikakuza, na duara limepasuka vibaya kuliko hata PNG tuliyoanza nayo! Kisa ni kwamba kivuli hicho ni kichujio kinachovaliwa na umbo zima, na PDF haina agizo la kuchora ukungu wa namna hiyo. Kwa hiyo Inkscape inaligeuza kuwa picha ya pikseli. Siyo kivuli peke yake, ni duara pamoja na kivuli chake. Na kiwango kilichowekwa tangu mwanzo ni 96 DPI, yaani kwa sentimita 3 unapata pikseli 113 tu. Dirisha la kuhifadhi PDF lina kisanduku cha Rasterize filter effects na nafasi ya kubadili kiwango, lakini halikuambii ni maumbo yapi yataguswa. Hapo ninaikatia alama. Mtu aliyechora vekta kwa saa nzima anastahili kuonywa kabla kazi yake haijageuzwa.

Tiba yake ni rahisi. Filters, kisha Remove Filters. Halafu nakili duara kwa Ctrl na D, lipe rangi ya kijivu iliyopauka, lipeleke nyuma, lisogeze kidogo chini. Kivuli chake hakina ukungu, ni chenye ukingo, na kwa nembo ndogo hiyo haidhuru chochote. Ukiona ukungu ni lazima, basi uache uwe picha peke yake nyuma, na duara libaki vekta mbele.

Tunajuaje kama tumefaulu bila kukuza kila kona? Kuna kifaa kidogo kinaitwa pdfimages, kinakuja na mkusanyiko wa Poppler. Kwenye terminal unaandika hivi:

```
pdfimages -list barua.pdf
```

Kinaorodhesha kila picha ya pikseli iliyomo kwenye PDF: ukurasa wake, upana, urefu, na kwenye safu ya x-ppi ni pikseli ngapi kwa inchi. Barua ya kwanza inaonyesha 300 kwa 300, na 254. PDF ya kivuli inaonyesha picha niliyokuwa sijui kama ipo, na chini yake mstari wenye neno smask, ambao ni uwazi wa ile picha. PDF iliyosafishwa inaonyesha vichwa vya safu tu, chini hakuna kitu. Hicho ndicho tunachokitaka kwa barua isiyo na picha nyingine.

Na hapa ndipo narudi kwenye ile PNG niliyosema nimeifuta. Nimewahi kutumiwa nembo yenye jina linaloishia na .svg, nikaamini ni vekta, nikaiweka kwenye ripoti, na ripoti ikatoka imepasuka. Aliyeiandaa alikuwa ameingiza PNG ndani ya ukurasa mtupu na kuuhifadhi kama SVG. SVG inaruhusu hilo. Ifungue kwa kihariri cha maandishi, utafute `<image`. Ukikuta imefuatwa na `data:image/png;base64` na herufi zisizoisha, ujue ulichonacho ni picha iliyofungwa ndani ya bahasha ya vekta.

Kuiingiza kwenye Writer hakuna mengi. Inkscape nilihifadhi kama Plain SVG, Writer nikaenda Insert, Image, nikaichagua, nikaweka upana wa sentimita 3, nikatoa PDF. pdfimages haikuona picha yoyote. Kile kisanduku cha 300 DPI hakikuigusa nembo, kwa kuwa hakuna pikseli za kupunguza.

Kitu kimoja kinaweza kuwashtua. Mahali nusu mbili za duara zilipokutana, maana niliwahi kuligawa duara vipande viwili, kulionekana mstari mwembamba kama unywele. Nikikuza mstari haunenepi, unabaki unywele uleule. Hiyo ni dalili kwamba si kosa la kupasuka. Ni msomaji wa PDF anayelainisha kingo za maumbo mawili yaliyogusana, kila moja kivyake, na nyuma yake panapenya weupe wa karatasi. Nilisogeza kipande kimoja kikaingia kidogo chini ya kingine, ukatoweka.

Kwa kazi hii ninaipa Inkscape 8 kwa 10. Alama moja imekwenda na lile dirisha la vichujio lisilosema linachokifanya, nyingine ni ya Trace Bitmap, ambayo kwa picha ndogo inakupa matumaini kuliko matokeo. Writer ninaipa 9, na ningeitoa ile tiki ya 300 DPI kwenye nyaraka zenye michoro ya pikseli ambayo huna vekta yake. Picha za watu na mandhari ziacheni zibaki pikseli, Trace Bitmap itaziharibu tu. Faili zote nne nilizozionyesha, ile ya PNG, ya kivuli, ya SVG bandia na ya vekta safi, zipakueni mziendeshe kwenye pdfimages, kisha mniambie chini hapo x-ppi ya nembo yenu wenyewe imesoma ngapi.