Kutoka tangazo hadi LPO: ununue mfumo gani wa kufuatilia mauzo kwa kampuni?

Mwaka jana tuliuzia kampuni moja ya Barabara ya Mombasa programu ya mishahara kwa shilingi milioni 1.8. Mfumo wetu wa wateja uliandika kuwa mauzo hayo yalitokana na "rufaa", yaani tulipendekezwa na mtu. Bosi akataka tuondoe bajeti ya matangazo ya Google. Nikaomba siku mbili nichimbe.

Kumbe tarehe 12 Februari msaidizi wa uhasibu alibonyeza tangazo letu kwa simu, akajaza fomu kwa Gmail yake, kisha kimya. Machi afisa ununuzi akaomba maelezo kwa barua pepe ya kazini, na tarehe 25 tukawafanyia onyesho la programu. Agosti mkurugenzi wa fedha akatupigia, namba kapewa na rafiki. LPO ikatoka 20 Septemba, siku 220 baada ya tangazo. Watu watatu, kampuni moja, na mfumo ulimwona wa mwisho tu.

Kwa hiyo ninavyopanga hapa chini, swali ni moja: je, kifaa hiki kingewaweka hao watatu chini ya jina moja?

1. Mfumo wa wateja ulio nao tayari, ukiupanga vizuri. Kama unafunga mauzo chini ya 50 kwa mwaka, anzia hapa. Zoho CRM, kwa mfano, ina sehemu ya kampuni, ya watu wake na ya mauzo. Ongeza mambo mawili. La kwanza ni gclid, msimbo ambao Google huubandika kwenye anwani ya ukurasa mtu anapobonyeza tangazo. Uweke kwenye fomu bila mteja kuuona:

```html
<input type="hidden" name="gclid" id="gclid">
<script>
document.getElementById("gclid").value =
  new URLSearchParams(location.search).get("gclid") || "";
</script>
```

Hii inatosha fomu ikiwa kwenye ukurasa uleule wa tangazo. Mtu akizunguka kwanza kurasa nyingine, msimbo hupotea usipouhifadhi kwenye kuki. Nayo kuki iliyoandikwa na JavaScript, Safari huifuta ndani ya siku 7 au mapema zaidi, kwa hiyo mwambie fundi aiandike kutoka kwenye seva.

La pili ni PIN ya KRA ya kampuni. Mifumo mingi huunganisha watu kwa kikoa cha barua pepe, yaani sehemu iliyo baada ya @, na hapa kwetu wengi wanaokuandikia wanatumia Gmail. PIN utaihitaji hata hivyo wakati wa ankara, basi iombe mapema, unapotoa bei. Msaidizi yule wa uhasibu tulimuunganisha kwa mkono, kwa kumuuliza tu anafanya kazi wapi. Dakika mbili za simu.

2. HubSpot. Huu ni mfumo wa wateja ambao wenyewe hufungua rekodi ya kampuni na kumweka mtu chini yake kwa kusoma kikoa cha barua pepe yake. Afisa ununuzi ingemnasa. Wa Gmail ingemwacha nje. Tahadhari kabla ya kusaini: ripoti ya kugawa mapato kwa kila mguso wa mteja iko kwenye daraja la juu, Enterprise. Wengi hulipia la chini halafu wanaitafuta ripoti bila kuiona.

3. Dreamdata na wenzake. Hawa huchota matangazo, tovuti na mfumo wa wateja, wakachora safari ya kampuni nzima. Kazi nzuri, lakini wanachora kwa data yako. Ikiwa simu ya mkurugenzi haikuandikwa popote, haitaonekana. Nenda huko ukiwa na matangazo kwenye mitandao mingi na mauzo mengi ya kulinganisha.

4. Huduma za kutambua kampuni kwa IP, yaani anwani ya intaneti ya mgeni. Usinunue. Mtu wa Nairobi akibonyeza kwa bando la simu, IP itasema Safaricom au Airtel, si mwajiri wake.

Google Analytics sijaipa nafasi kabisa, kwa sababu masharti yake yanakataza kuingiza majina na barua pepe za watu. Itahesabu wageni, haitakuambia nani ni wa kampuni ipi.

Kuna kikwazo ambacho hakuna chaguo hapo juu linalokiondoa: Google Ads haipokei taarifa ya mauzo yaliyofungwa zaidi ya siku 90 baada ya tangazo kubonyezwa. Siku zetu 220 zilikataliwa. Sasa tunairudishia Google tukio la katikati, yaani onyesho kwa mteja. Lile la 25 Machi lilikuwa siku ya 41, na lingepokelewa bila shida. Mapato halisi tunayasoma kwenye mfumo wetu wenyewe.

Muuzaji yeyote akija kukuonyesha bidhaa, mpe mauzo yako matatu ya zamani, moja likiwa na mtu wa Gmail, uone atamweka wapi.