Matairi ya Haisi: Lipi Ununue, Lipi Uliache, kwa Kusoma Namba za Ubavuni

Wauzaji wengi wa matairi siku hizi humtumia mteja picha ya ubavu wa tairi kwa simu, pamoja na bei, na mteja akiona kwamba 195/80R15 inafanana na iliyoko kwenye tairi lake kuukuu, hulipa. Kwa Haisi ya abiria hiyo ni hatari kubwa, kwa sababu sehemu hiyo ya andiko inaonyesha kama tairi litaingia kwenye rimu, lakini haisemi lolote kuhusu uzito litakaoubeba gari likijaa.

Haisi nyingi za umbo lililoanza kutoka 2004 huvaa tairi lenye andiko 195/80R15 107/105L LT. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 80 ni asilimia ya upana huo, nayo ndiyo kimo cha ubavu, yaani milimita 156. R inaonyesha kwamba nyuzi za ndani zinakatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi mwingine, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Kinachofuata ndicho cha kukodolea macho. Namba 107 si kilo, bali ni alama inayotafutwa kwenye jedwali la kimataifa, ambako inasimama badala ya kilo 975 kwa tairi moja. Namba 105, yaani kilo 925, hutumika pale matairi mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja, jambo ambalo Haisi ya kawaida haina, kwa hiyo soma namba ya kwanza. Uzito huo hubebwa tairi likiwa na upepo wa kutosha tu. Upepo ukipungua, uwezo nao unapungua. Herufi L ni mwendo wa juu wa kilomita 120 kwa saa, na LT inaonyesha tairi la gari dogo la mizigo.

Tairi lenye andiko hilo hilo, la miaka ya karibuni, ndilo ninaloliweka nafasi ya kwanza. Wako wanaolikimbia kwa sababu ya herufi L, wakitaka S ambayo ni kilomita 180 kwa saa. Kwa matatu za Kenya, ambazo vidhibiti mwendo vyake vimewekwa kilomita 80 kwa saa, L inatosha na kubaki, na ni afadhali pesa ya ziada iende kwenye uwezo wa kubeba.

Nafasi ya pili nampa 195R15C 106/104S. Hapa kimo cha ubavu hakikuandikwa kwa kuwa ni mtindo wa zamani, ambao kimo chake ni takriban asilimia 80 ile ile, na C ni alama ya gari la biashara. Namba 106 ni kilo 950, pungufu ya kilo 25 kwa kila tairi. Kwa Haisi ya familia isiyojazwa ninalikubali, lakini kwa gari linalojaza abiria kila safari silishauri, kwa kuwa namba hiyo iko chini ya ile ambayo gari lilipangiwa.

La tatu ni tairi lenye andiko sahihi lakini lililokaa sana, na hapa picha hudanganya kwa urahisi. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarehe hii iko ubavu mmoja tu, hivyo omba picha za pande zote mbili, na mwombe muuzaji apitishe chaki juu ya maandishi ili yasomeke. Ukiona nyufa ndogo ndogo kwenye mpira, liache hata kama kashata zake bado ni nene.

La mwisho, ambalo halifai kabisa, ni 195/80R15 96S. Ni tairi zuri kwa Suzuki Jimny, linaingia kwenye rimu ya Haisi bila shida, na herufi yake ya mwendo ni kubwa kuliko L, kwa hiyo humvutia mnunuzi. Lakini 96 ni kilo 710. Matairi mawili ya nyuma yatabeba kilo 1,420 badala ya 1,950, pengo la kilo 530, ambalo ni uzito wa abiria karibu saba. Gari likijaa, ubavu hubonyea kupita kiasi kila gurudumu linapozunguka, joto hupanda ndani ya mpira, tabaka huanza kuachana na tairi hupasuka likiwa kwenye mwendo. Kabla halijafika huko, huweza kuonyesha uvimbe ubavuni au kulika kwa haraka kwenye kingo zote mbili huku katikati kukiwa bado kuzima. Kwenye picha iliyopigwa kwa pembeni, 96 na 106 huweza kuchanganywa, kwa hiyo usilipe mpaka umeona tarakimu zote zilizo mbele ya herufi ya mwendo, na uzilinganishe na kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva.