Urefu na mchepuko wa kitako cha shotigani: njia tano za kurekebisha, kuanzia bora

Shotigani kwa kawaida haina kilengeo cha nyuma. Mbele kuna kishanga, kitone kidogo kwenye ncha ya mtutu, na nyuma kuna jicho lako. Jicho linakaa pale ambapo shavu limelazwa na kitako, kwa hiyo kitako kisichokutosha ni sawa na bunduki ambayo kilengeo chake kimepinda. Ukilenga kitu kilichosimama unaweza kujirekebisha kabla ya kufyatua. Ndege au kisahani cha kulengea kinachokatiza angani hakikupi nafasi hiyo.

Vipimo viwili ndivyo vya kuangalia dukani. Urefu wa kitako hupimwa kuanzia katikati ya triga hadi katikati ya bamba la nyuma, na ikiwa triga ni mbili, unaanzia ile ya mbele. Bunduki nyingi za kiwandani huwa kati ya milimita 355 na 375. Mchepuko ni kiasi ambacho kitako kimeegemezwa upande mmoja wa mstari wa mtutu: kulia kwa anayefyatua kwa mkono wa kulia, kushoto kwa mwenye mashoto. Milimita 3 hadi 6 kwenye kisigino cha kitako, yaani kona yake ya juu ya nyuma, ni jambo la kawaida, na ncha ya chini huchepuka zaidi kidogo ili kupisha kifua.

Pima kwanza, nunua baadaye

Hakikisha bunduki haina risasi, ikague mara mbili, kisha simama mbele ya kioo. Fumba macho, pandisha bunduki begani kwa kasi yako ya kawaida, halafu fumbua. Pua inapaswa kuwa upana wa vidole viwili au vitatu kutoka kwenye kidole gumba kilichoshika kitako, na mboni ya jicho iwe moja kwa moja juu ya mstari wa reli, ukanda wa chuma unaopita juu ya mtutu. Ile desturi ya kuweka kitako kwenye kiwiko na kuona kama kidole kinafika kwenye triga achana nayo. Inapima mkono wa mbele tu, na haijui chochote kuhusu shingo, mabega wala uso wako.

Kitako kifupi kinajitambulisha upesi: kidole gumba kinapiga pua au mdomo, na kichwa kinasogea mbele mno. Kwa kuwa mgongo wa kitako huteremka kuelekea nyuma, kichwa kilichosogea mbele kinapanda juu, na marisau yanapita juu ya kisahani. Kirefu kinakwama kwapani wakati wa kupandisha, kisigino kinaishia kwenye mkono badala ya mfuko wa bega, na alama ya bluu jioni inaonekana kwenye misuli ya mkono. Pima ukiwa umevaa nguo utakazowindia, maana koti nene linaweza kula sentimita nzima.

Mchepuko hauonekani vizuri kwenye kioo, hivyo tumia karatasi. Bandika karatasi pana ya mita moja yenye alama katikati, mahali salama pa kufyatulia, na usimame umbali wa mita 15. Pandisha bunduki haraka ukitazama alama, usiitazame reli, na ufyatue mara tano bila kujisahihisha. Tafuta katikati ya wingu la matundu.

Tuseme wewe ni wa mkono wa kulia, na wingu limeangukia sentimita 5 kushoto. Kutoka jichoni hadi kwenye kishanga ni kama milimita 900, kwa hiyo kila milimita 1 ya jicho kukaa pembeni inahamisha marisau karibu milimita 17 kwa mita 15. Jicho lako limekaa milimita 3 kushoto mwa reli. Kwa mita 30 kosa hilo hilo ni sentimita 10. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu: wanaagiza mchepuko wa ziada wa milimita 3 kwenye kisigino. Shavu halilali kwenye kisigino, linalala karibu nusu ya njia, na hapo mchepuko ni kama nusu tu. Unahitaji milimita 5 au 6 kwenye kisigino.

Rekebisha urefu kwanza, kisha urudie karatasi, kwa sababu ukibadili urefu shavu linahama. Na kabla ya yote, jua jicho lako kuu, yaani lile linalotawala unapolenga. Ukiwa wa mkono wa kulia lakini jicho kuu ni la kushoto, mchepuko wa kawaida hautakuokoa.

1. Bunduki inayokuja na vibapa vyake

Shotigani nyingi za kujipakia huuzwa pamoja na vibapa vyembamba vinavyowekwa kati ya mwili wa bunduki na kitako, na baadhi huja na mipira ya nyuma ya unene tofauti. Fungua, badilisha kibapa, funga, rudi kwenye karatasi. Ukikosea, unarudisha cha zamani. Kama hujanunua bado, tunaiweka hii ya kwanza bila kusita. Muuzaji akuonyeshe vibapa vyote ndani ya boksi, kwa kuwa kwenye bunduki iliyotumika huwa vimeshapotea.

2. Mpira wa nyuma na vipande vya kuongezea

Hii ni ya urefu tu, lakini pia inapunguza teke. Kuongeza ni rahisi, kukata ndiko kunakoumiza. Mfano: kitako ni milimita 370, bamba la plastiki lina milimita 5, nawe unataka 358 na mpira wa milimita 25. Mbao peke yake ni 365, na inatakiwa ibaki 333, kwa hiyo inakatwa 32. Anayesahau unene wa mpira anakata 12 na kubaki na kitako kirefu kuliko alichoanza nacho. Mwambie fundi akate 30 kwanza, kisha amalizie kwa msasa, na pembe ya mkato isibadilike.

3. Kupindisha mbao kwa joto

Fundi bunduki hupasha moto shingo ya kitako kwa mafuta au taa maalumu, kisha huipinda ndani ya fremu. Milimita 5 au 6 hupatikana bila shida kwenye mbao nzuri, na sura ya bunduki haiharibiki. Plastiki na mbao za tabaka zilizogundishwa hazifai. Mbao yenye nyuzi zilizokatiza shingoni inaweza kupasuka, na kitako chenye boliti ndefu ndani kinaweza kukataa boliti baada ya kupinda. Mbao pia hurudi kidogo, kwa hiyo pima tena baada ya wiki chache kabla ya kulipa kiasi cha mwisho.

4. Mgongo wa kitako unaosogezwa

Unafaa kwa mpigaji visahani anayefyatua mara nyingi mahali pamoja. Unahamisha shavu pembeni na juu, lakini kisigino kinabaki palepale begani. Kwa mwindaji ni uzito wa ziada, na skrubu hulegea.

5. Soksi ya mpira ya kuvalisha

Ndiyo rahisi kuliko zote, na huongeza takriban milimita 15 hadi 25. Inazunguka begani na kunasa nguo, ndiyo maana iko mwisho. Itumie kwa kujaribu urefu kabla ya kumpelekea fundi mbao.