Miezi 12 na PlayStation Plus, nikiwa Tanga

Nafanya kazi ya zamu bandarini, kwa hiyo muda wangu wa gemu ni saa mbili hivi kila usiku, chumbani kwangu Chumbageni feni ikiwa imeelekezwa kwenye PS4 kabla haijaelekezwa kwangu. Nina mpwa wangu wa miaka kumi na sita anayekaa nami, na yeye anataka mpira tu. Mwaka jana nililipia PlayStation Plus, usajili wa Sony wa gemu na wa kucheza mtandaoni, daraja la Extra kwa miezi 12, na nimeona niandike yaliyonikuta, maana watu wengi mtaani huuliza "Plus ina gemu ngapi?" wakati swali lenye maana ni gemu zipi zitabaki.

Nianze na lile nililolikataa mapema. Kulikuwa na mawazo ya kuacha kabisa kushusha gemu na badala yake kucheza kupitia seva za mbali, yaani gemu inaendeshwa kwenye mashine iliyo nje ya nchi, na kwako inafika picha tu kama video. GeForce NOW, kwa mfano, inataka kasi ya 15 Mbps kwa picha ya 720p na 25 Mbps kwa 1080p, na muda wa kwenda na kurudi hadi kwenye seva usizidi milisekunde 80. Kasi ningeipata, hasa usiku. Ila 15 Mbps mfululizo kwa saa moja ni karibu GB 6.75, na mimi nanunua bando.

Hata hivyo bando silo lililoniamulia. Nilichukua simu, nikafungua programu ya kupima intaneti, nikachagua seva ya Frankfurt badala ya ile ya Dar inayojichagua yenyewe. Nikapata milisekunde 160 na kitu. Nikarudia saa saba usiku, ikawa ileile. Hili haliondolewi kwa kununua kifurushi kikubwa, kwa sababu mwanga ndani ya nyaya hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na njia ya baharini kutoka Dar kupitia Bahari ya Shamu hadi Ulaya ni ndefu sana. Gemu ya picha 60 kwa sekunde hutoa picha moja kila milisekunde 17 hivi. Kwa hiyo ukibonyeza kitufe, matokeo yake unayaona picha kumi baadaye. Kwa gemu ya kupanga karata utavumilia. Kwa mpira, kipa wako ataruka wakati wenzako wameshaanza kushangilia.

Na huko kwenye seva kuna saa za kuhesabiwa pia. GeForce NOW kuanzia Januari 2025 iliwawekea wateja wapya wanaolipia kikomo cha saa 100 kwa mwezi, na usipozimaliza unaruhusiwa kuhamisha hadi saa 15 kwenda mwezi unaofuata. Saa 100 ni zaidi ya saa tatu kwa siku, kwa mtu wa zamu kama mimi zinatosha na kubaki. Lakini kule unatakiwa uwe na gemu zako mwenyewe ulizokwisha nunua. Unachokodi ni mashine. Basi nikabaki na PS4 na kushusha.

Upande wa kucheza na watu mtandaoni hauna mengi. Gemu za bure kama eFootball na Fortnite hazihitaji Plus hata kidogo, unaingia na kucheza. Za kununua, kama FC ya mpira, zinaihitaji, na kwa hilo daraja la chini kabisa, Essential, linatosha. Kuna vijana wanalipia Extra kwa ajili ya FC ya mtandaoni peke yake, na hiyo ni hela ya bure wanatoa. Nyumbani kwangu, kwa sababu PS4 yangu nimeiweka kuwa mashine kuu ya akaunti yangu, mpwa anaingia kwa akaunti yake na anacheza mtandaoni kwa malipo yangu yaleyale.

Sasa tufike kwenye maktaba yenyewe, na hapa ndipo nilipojikwaa.

Plus ina gemu za aina mbili na kwenye skrini zinafanana. Kuna gemu za mwezi, ambazo ukishabonyeza `Add to Library` ndani ya mwezi wake, zinabaki kwako muda wote utakaokuwa unalipia. Ukiacha kulipia zinafungwa, ukirudi zinafunguka. FC 24 ilitoka hivyo Mei 2024. Mpwa wangu wakati huo alinisumbua wiki nzima, "Mjomba, bonyeza tu, hata kama hatuishushi," nikabonyeza ili anyamaze, na mpaka leo ipo. Ile nyingine ni katalogi ya Extra, mamia ya gemu. Hizo hata ubonyeze nini, siku ikifika zinaondoka nawe ukiwa umelipia vizuri kabisa. Kawaida huondoka Jumanne ya tatu ya mwezi, siku ileile mpya zinapoingia.

Sababu yake haina uchawi. Mwenye gemu amekubali iwekwe kwa muda fulani, muda ukiisha wanakubaliana upya au inatoka. Huduma nyingine ziko hivyohivyo. GTA V iliingia Xbox Game Pass Januari 2020 ikatoka Mei, ikarudi Aprili 2021 ikatoka Agosti, ikarudi Julai 2023 ikatoka Januari 2024, kisha Aprili 2025 ikarudi tena. Mtu aliyeianza kwenye awamu ya kwanza na kucheza polepole angeweza kufungiwa mlango mara tatu.

Mimi nilianza gemu moja ndefu ya kuzunguka nchi nzima na farasi, ya saa kama 50. Nikaipenda mno hadi nikanunua na sura yake ya nyongeza kwa dola 14.99, nikitumia kadi ya kulipia niliyonunua kwa mtu mjini. Nilikuwa na saa 31 nilipokwenda, kwa bahati tu, kuangalia sehemu inayoitwa `Last chance to play`, ya gemu zinazokaribia kuondoka, na farasi wangu yuleyule ananitazama. Zilibaki siku tisa. Saa 19 kwa siku tisa, saa mbili kila usiku, ningebaki nyuma kwa saa moja tu na hiyo ningeilipia Jumapili. Siku mbili umeme ukakatika kuanzia magharibi, na usiku mmoja niliitwa zamu. Jumatano asubuhi nikakuta kufuli kwenye picha ya gemu. Sura ya nyongeza niliyoilipia ilikuwapo, ni mali yangu halali, ila haifunguki bila gemu yenyewe. Nyumba yangu, ufunguo wa mwingine. Kosa ni langu: orodha ya zinazoondoka ilikuwa wazi wiki kadhaa kabla, na mimi nilifungua pochi kabla ya kuisoma.

Kitu kimoja hakikupotea, nacho ni seivu. Gemu ikiondoka, safari yako inabaki kwenye diski ya ndani ya PS4. Nikajiambia nitafute diski ya mtumba ya gemu hiyo niendelee. Nikaipata Ngamiani, haina mikwaruzo, bei nzuri. Nilikuwa nimeshatoa hela mfukoni rafiki yangu, anayetengeneza padi pale jirani, akaniuliza akaunti yangu ni ya wapi. Ya Marekani, kwa sababu Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi unazoweza kuchagua unapofungua akaunti, na kadi zinazopatikana huku nyingi ni za huko.

"Basi hiyo diski achana nayo, kaka," akasema. Akaligeuza kasha na kunionyesha ubavuni namba inayoanza na CUSA, halafu mbele alama ya umri ya PEGI. Diski ya Ulaya. Gemu ileile ya Marekani mara nyingi ina namba nyingine, na kwa PS4 namba ikiwa tofauti hizo ni gemu mbili. Sura ya nyongeza ya duka la Marekani haitaiona diski ya Ulaya, na seivu haitasomeka.

Sikumwamini moja kwa moja. Nyumbani nilichomeka flashi, nikanakili seivu kutoka kwenye mipangilio, nikaifungua flashi kwenye kompyuta. Ndani ya `PS4/SAVEDATA` kulikuwa na folda yenye jina la CUSA na tarakimu tano. Nikalinganisha na picha niliyopiga dukani, na kweli hazikufanana hata tarakimu tatu za mwisho. Kwa bei ile nzuri ningenunua gemu, nianze upya kuanzia saa ya kwanza, na zile dola 14.99 zibaki zinaniangalia. Kwa hiyo kabla ya kununua diski ya gemu uliyoianzia kwenye Plus, nakili seivu kwenye flashi, soma namba ya folda, ndipo uende sokoni. Kwa seivu za gemu za PS5 njia ya flashi haipo, zile hunakiliwa mtandaoni kwa wanaolipia tu.

Nilisubiri. Baada ya miezi miwili hivi duka la Marekani likaishusha hadi dola 9.99 na nikainunua moja kwa moja. Kufuli likatoka, sura ya nyongeza ikafunguka, na nikamkuta farasi palepale nilipomfunga.

Thamani ya Extra kwangu? Katika miezi 12 nilimaliza gemu nne za katalogi, zote za chini ya saa 15, na kwa hizo nimeridhika. Gemu ndefu siianzii tena humo. Nikiiona ndefu na naipenda, naiweka kwenye orodha ya matamanio na kusubiri bei ishuke. Na nyongeza sinunui kwa gemu ambayo si yangu.

Usajili ulipoisha nilishuka hadi Essential, kwa sababu ya gemu za mwezi na FC ya mpwa. Siku ya kubadilisha alisimama nyuma ya kiti akiangalia skrini, na hakusema neno mpaka alipoona FC 24 haina kufuli. "Haya Mjomba," akasema, "nipishe sasa."